Hotuba ya chanjo ya surua kwenye mkutano wa kijiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa afisa afya, mhudumu wa afya ya jamii au kiongozi wa kijiji anayejiandaa kusimama mbele ya wazazi kuwaomba walete watoto kuchanjwa surua. Baadhi ya maswali ni yale tunayoulizana sisi wenyewe tukiandaa hotuba. Mengine ni ya wazazi, nimeyaacha kwa maneno yao.

Hotuba ianzie wapi?

Ianzie kwenye ugonjwa wenyewe. Takwimu, agizo la serikali na shukrani ndefu kwa meza kuu zinaweza kusubiri. Wazazi wengi wadogo walioketi mbele yako hawajawahi kuona surua kali, na hawawezi kuogopa kitu wasichokijua kwa sura. Ila ukitazama vizuri kwenye mkutano utamkuta mzee au bibi anayeikumbuka. Mwombe kabla ya mkutano kama yuko radhi kusema maneno mawili. Akikubali, wewe nyamaza asimulie: mtoto alivyoanza, siku ngapi hakufungua macho, nani alipona na nani hakupona.

Akimaliza, wewe unapanga alichosema kwa mfuatano ambao mzazi anaweza kuubeba nyumbani. Huanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu yenye machozi. Siku chache za mwanzo hakuna kipele hata kimoja, na hapo ndipo watu hudhani ni mafua ya kawaida. Vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka kifuani, mikononi na miguuni. Kinachoua watoto wengi zaidi si kipele. Ni nimonia inayofuata, au kuhara kunakomkausha mtoto. Wengine hubaki na usaha masikioni, na aliyepungukiwa vitamini A anaweza kupoteza macho. Kabla chanjo haijaanza kutumika mwaka 1963, surua ilikuwa ikiua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka duniani. Hiyo ndiyo takwimu pekee ninayoiweka mwanzoni, tena baada ya bibi kusema.

Iwe ndefu kiasi gani?

Dakika kumi zinatosha. Muda unaobaki ni wa maswali, kwa sababu watu huamua wakati wa maswali. Siku, saa na mahali pa kuchanja vitajwe mapema na vitajwe tena mwisho. Na usiulize "mnaonaje, tuchanje Jumanne?" Sema "Jumanne asubuhi tunachanja, njoo na mtoto na kadi." Mwenye wasiwasi ataunyoosha mkono tu, na umwachie nafasi ya kutosha.

"Mwanangu alichanjwa, kadi ninayo, na bado aliugua surua. Chanjo yenu inafanya nini?"

Swali hili ndilo linaloamua mkutano. Mimi nililiharibu mara ya kwanza nilipoulizwa. Mama alisimama na kadi mkononi, na mimi nikamjibu, "Labda haikuwa surua." Hakubishana. Alikunja kadi akakaa, na wanawake wa safu yake wakatazamana. Siku ya chanjo, safu ile nzima haikuonekana. Nilikuwa nimemwita mwongo mbele ya majirani zake, wakati alichosema kilikuwa kweli kabisa.

Siku hizi naanza na neno "ndiyo". Ndiyo, mtoto aliyechanjwa mara moja anaweza kuugua. Kisha natoa mfuko wa kokoto. Nimejifunza kwamba asilimia haishikiki kichwani, lakini kokoto watu huihesabu wenyewe, na wapo watakaosogea kuhakikisha hudanganyi.

Mfano huwa hivi. Chukua kijiji chenye watoto 200. Kati yao 180 walichanjwa dozi moja walipofika miezi tisa, na 20 hawakuletwa kabisa. Dozi ya miezi tisa hujenga kinga kwa watoto kama 85 kati ya kila 100. Kwa hiyo kwenye wale 180, watoto 153 wana kinga na 27 hawana, ingawa kadi zao zimejazwa. Hakuna mzazi anayeweza kujua mwanawe yuko upande gani. Sasa virusi vimeingia, na tuseme vimewakuta wote wasio na kinga. Wanaugua 27 wenye kadi na 20 wasio na kadi.

Hapo natenga mafungu mawili ya kokoto mezani na kuwauliza: fungu gani kubwa? Wanajibu, la wenye kadi. Nawaambia, mmesema kweli, na ndiyo maana mtaani mtasikia "wengi waliougua walikuwa wamechanjwa". Habari hiyo si uongo. Kisha nazirudisha kila kokoto kwenye kundi zilikotoka. Wale 27 wametoka kwenye watoto 180, yaani ameugua karibu mmoja katika kila saba. Wale 20 wametoka kwenye watoto 20. Hakubaki hata mmoja.

Mara nyingi kunakuwa na ukimya kidogo hapo. Usiujaze kwa maneno. Ngoja mtu aulize, na atauliza tu: sasa hao 27 wafanyweje? Ndipo inapoingia dozi ya pili, na sasa ni jibu la swali lao wenyewe. Ukiwachanja wale 180 tena, karibu wote kati ya 27 ambao mwili haukushika dozi ya kwanza watashika ya pili. Atabaki mmoja au wawili. Mama yule mwenye kadi hakuwa mpinzani wa chanjo. Alikuwa ndiye anayeeleza kwa nini dozi ya pili ipo.

Kama dozi ya kwanza inakosa wengine, kwa nini isicheleweshwe hadi mtoto awe mkubwa?

Kwa sababu surua haisubiri. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake, nayo hupungua mwezi hadi mwezi. Kinga hiyo ikiwa bado ipo, huizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Ukichanja mapema mno, dozi inapotea. Ukichelewa, unamwacha mtoto wazi katika umri ambao surua humuumiza zaidi. Mahali ambapo ugonjwa bado unazunguka, miezi tisa ndiyo imeonekana kuwa hapo katikati, kisha dozi ya pili hufuata kati ya miezi 15 na 18. Mlipuko ukiwa umeshaingia, wataalamu huweza kuagiza watoto wachanjwe kuanzia miezi sita. Dozi hiyo ni ya ziada. Mwambie mama wazi kwamba haihesabiwi, na kwamba zile mbili za kawaida bado anadaiwa, la sivyo ataona amemaliza.

"Mimi mwanangu hatoki nyumbani. Surua ataipata wapi?"

Kwenye hewa. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba, virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Tena huambukiza siku nne kabla ya kipele cha kwanza, wakati kila mtu anadhani ana mafua. Waeleze hivi: mgeni mwenye mtoto anayekohoa ameingia ofisi ya kijiji asubuhi, ameondoka, wewe umeingia na mwanao saa moja baadaye, hamkukutana hata njiani. Imetosha. Kati ya watu kumi wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, tisa hivi wataugua.

"Miaka minne hatujaona surua hapa. Si imekwisha?"

Rudi kwenye kokoto. Wale 47 wasio na kinga hawakutokea siku moja. Kila mwaka wanazaliwa watoto, wachache hawaletwi, wachache dozi moja haiwashiki, nao wanajikusanya kimyakimya kama nyasi kavu pembeni ya njia. Miaka minne ya utulivu maana yake inaweza kuwa cheche haijafika tu.

Ili surua ikifika ikose pa kuwaka, watoto kama 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Kwa kijiji chetu cha mfano ni 190. Kwa dozi moja walikuwa 153. Ukirudia dozi kwa wote 180, wanafika kama 178. Bado. Pengo la watoto 12 waliosalia halizibiki bila kuwapata baadhi ya wale 20 ambao hawajawahi kuletwa. Mimi huwaachia wazazi hesabu hii waimalizie wenyewe, kwa sababu ndipo wanapoona kwamba mtoto wa jirani asiyeletwa anamhusu pia yule mwenye kadi kamili.

"Tulisikia kuna mahali watoto walichomwa sindano ya surua wakafa. Ni kweli?"

Ndiyo, yametokea, na ukikana utaumbuka, maana habari siku hizi iko kwenye simu ya kila mtu. Jibu linalosaidia ni kueleza kilichotokea, kisha kuonyesha kwa macho kwamba hapa hakitatokea.

Julai 2018 nchini Samoa watoto wachanga wawili walikufa muda mfupi baada ya kuchomwa chanjo ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga wa chanjo ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji badala ya maji yake maalumu. Wauguzi wawili walihukumiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2017, watoto 15 walikufa katika kijiji kimoja cha Sudan Kusini. Huko sindano moja ilitumiwa kwa watoto wengi, na chanjo ilikaa siku nne bila ubaridi.

Sasa waeleze sababu, kwa kuwa ndiyo kiini cha mambo. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa kidogo, na maji yake huja kwenye kichupa cha pili. Ikishachanganywa haina dawa ya kuzuia vijidudu kuota. Kikiingia kijidudu, kitakula na kuzaana humo. Ndiyo maana kichupa hutupwa saa sita zikipita tangu kichanganywe, au kazi ya siku ikiisha kabla ya hapo, hata kama kimebaki nusu.

Na msiwafiche mwisho wa habari ya Samoa. Baada ya vifo vile chanjo ilisimamishwa kwa miezi kadhaa, wazazi wakaogopa, na idadi ya waliochanjwa ikaporomoka. Mwaka 2019 surua iliingia. Waliougua walizidi 5,700 na waliokufa walikuwa 83, wengi wao watoto wadogo. Nchi ina watu wapatao laki mbili tu. Visa vile viwili vya sindano vilikuwa kosa la mikono ya watu. Vile 83 vilikuwa surua.

Nitawaonyeshaje kwamba mikono yetu ni salama?

Fungua mbele yao. Siku ya chanjo, meza iwe mahali mzazi anapoona kila kitu, na mwachie mama wa kwanza ashike kichupa kikiwa bado kimefungwa. Maji yatoke kiwanda kilekile kilichotengeneza unga, na majina yasomwe kwa sauti. Maji hayo yawe yamekaa kwenye baridi pamoja na chanjo, kwa sababu maji ya joto huviua virusi dhaifu vilivyomo, na ukamchoma mtoto kitu kisicho na kazi. Ukishachanganya, andika saa kwenye kichupa kwa kalamu. Mimi husema kwa sauti: "Saa tatu na robo. Saa tisa na robo hiki kinakwenda kwenye taka, anayetaka aje ashuhudie." Kuna mzee mmoja alikuja kweli, akasimama hadi kikatupwa.

Kichupa kilichofunguliwa hukaa juu ya sifongo la kisanduku cha baridi, kwenye tundu lake, wakati vingine vimefungiwa ndani kati ya nyuzijoto 2 na 8. Samahani, hapo kwenye hotuba sema tu "ndani ya baridi". Namba hizo ni zako wewe na kipimajoto chako. Kila mtoto ana bomba lake, la aina inayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja. Mwonyeshe mzazi: likishasukumwa hadi mwisho, halivutiki tena. Dozi ni nusu mililita, chini ya ngozi ya mkono wa juu. Sindano inakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama bila kurudishiwa kifuniko.

"Nilikwenda zahanati nikaambiwa nirudi, watoto hawajafika kumi. Kwa nini?"

Omba radhi kwanza. Kichupa cha dozi kumi kikifunguliwa kwa mtoto mmoja, dozi tisa zinaweza kutupwa baada ya saa sita, na muuguzi anayeogopa kuulizwa kuhusu hasara humwambia mama arudi siku nyingine. Wengine hawarudi. Mama aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni akarudishwa ametimiza wajibu wake. Sisi ndio tulioshindwa. Msimamo sahihi ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja, na dozi zinazotupwa zimeshawekwa kwenye hesabu za uagizaji. Kama kituo chako kina siku maalumu za kuchanja surua, zitaje mkutanoni kwa majina, kisha zisivunjwe.

Nadhani swali hili hulipa kuliko jingine lolote, kwa sababu wazazi wengi tunaowaita wakaidi walishawahi kuja mara moja.

"Baada ya sindano mtoto alichemka. Si mmempa ugonjwa?"

Chanjo ina virusi vya surua vilivyodhoofishwa, na mwili unapojifunza kupambana navyo unaweza kupata homa. Inachowachanganya wazazi ni tarehe. Homa hii haiji usiku uleule. Kwa kawaida huja kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, na huisha ndani ya siku moja au mbili. Watoto wachache hutoka vipele vyepesi pamoja nayo. Havimwambukizi mtu.

Kama hukusema mapema, mama ataiona homa siku ya nane na hutakuwepo kumweleza. Basi mpe tarehe, na umwandikie kwenye kadi. "Umechanja leo tarehe mbili. Kuanzia tarehe tisa hadi kumi na nne anaweza kuchemka. Mnyonyeshe, mpunguzie nguo, na kama homa inamsumbua mpe dawa ya homa kwa kipimo cha umri wake. Akishindwa kunyonya, akipata degedege, akipumua kwa shida au homa ikizidi siku mbili, mlete." Mama aliyeambiwa hivyo, homa ikija, huwaambia wenzake kwamba daktari alisema kweli.

Madhara makubwa ya mzio yapo, ila ni nadra sana, na hutokea dakika chache baada ya sindano. Ndiyo sababu tunawaomba wakae kidogo kabla ya kuondoka. Waambie sababu hiyo, wasidhani mnawachelewesha.

"Inafunga uzazi" na "inaleta usonji": nijibuje?

Kwa ufupi na bila kumcheka mtu. Kuhusu uzazi, waombe waliochanjwa utotoni wanyooshe mikono, kisha waulize wangapi wana watoto. Mkutano utajijibu wenyewe. Habari ya usonji ilianzia kwenye makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998, ikizungumzia watoto 12 tu. Ilikuja kubainika kuwa na udanganyifu, jarida likaifuta mwaka 2010, na daktari aliyeongoza kuiandika akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Uchunguzi wa Denmaki uliotoka mwaka 2019 ulifuatilia watoto zaidi ya laki sita na nusu na haukuona uhusiano wowote. Kama hakuna aliyeuliza kuhusu usonji, usiulete wewe.

Ni mtoto gani asiletwe?

Wachache kuliko watu wanavyodhani. Mafua, kikohozi chepesi na kuhara kidogo si sababu ya kumwacha nyumbani. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye wa kwanza kuletwa, kwa sababu surua ikimpata ndiye itakayemuumiza zaidi. Mtoto mwenye virusi vya UKIMWI huchanjwa pia, isipokuwa kama kinga yake imeshuka sana, na hilo huamuliwa kliniki na si mkutanoni. Jibu swali hilo bila kumtazama mtu yeyote. Wanaoachwa ni mtoto aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia, mwenye ugonjwa au matibabu yanayoua kinga ya mwili, na yule aliye mgonjwa sana kiasi cha kuhitaji kulazwa. Mama mjamzito yeye mwenyewe hachanjwi surua, lakini anaweza kabisa kumleta mwanawe.

"Kadi imepotea." "Wangu alishaugua."

Walete wote wawili. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto aliye na kinga. Na magonjwa ya vipele ni mengi, hivyo "alishaugua surua" mara nyingi ni kisio. Mama wa kadi iliyopotea anaogopa kugombezwa mbele za watu, kwa hiyo tangaza mkutanoni kwamba kadi mpya zipo na hakuna atakayeulizwa ya zamani imekwenda wapi.

Kama mkutanoni nikisikia kuna mtoto anaumwa tayari?

Hotuba isimame hapo. Nenda ukamwone au mtume mwenzako. Surua haina dawa ya kuua virusi vyake, lakini vitamini A huokoa macho na maisha. Hutolewa siku mbili mfululizo: uniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi sita, 100,000 kwa wa miezi sita hadi kumi na moja, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Mwenye dalili za macho hupewa ya tatu baada ya wiki kadhaa. Chukua maelezo, toa taarifa kituoni ili damu ipimwe, kisha uwatafute watoto waliokaa naye. Aliyekutana na mgonjwa akichanjwa ndani ya saa 72 bado anaweza kuepuka ugonjwa, kwa hiyo siku moja hapa ina uzito.

Mtu akisimama kupinga kwa hasira?

Muulize kilichompata, na usimjibu kabla hajamaliza. Hasira ya namna hiyo mara nyingi ina historia: mtoto aliyerudishwa mlangoni, muuguzi aliyemfokea, jipu lililotokea pale sindano ilipoingia. Ukishamsikia, jibu lile tu unalolijua, na yale mengine mwambie utakuja nyumbani kwake. Uende kweli. Usimtumie mwenyekiti kumnyamazisha, wala usitishie faini au kunyimwa huduma. Mtu aliyenyamazishwa mkutanoni huendelea kuongea baada ya mkutano, na wewe huko hutakuwepo.

Kumbuka pia kina baba. Kwenye nyumba nyingi mama ndiye anayemleta mtoto, lakini ruhusa hutoka kwa baba, na baba hajawahi kuelezwa chochote kwa sababu kliniki tunaongea na mama. Mkutano wa kijiji ndiyo nafasi adimu ya kuwapata wote wawili. Elekeza macho na sentensi kadhaa upande wao.

Nitajuaje hotuba imefanya kazi?

Makofi hayapimi kitu. Kabla ya mkutano, kaa na balozi au mhudumu wa afya ya jamii mwandike kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa jina, nyumba hadi nyumba, na dozi alizopata. Siku ya chanjo weka alama mbele ya kila jina. Jioni, yaliyobaki bila alama ndiyo kazi yako ya kesho.

Nenda kwenye nyumba hizo na uulize swali moja: "Jumanne kulitokea nini?" Usiulize kwa nini hawakuja, kwa kuwa hilo linasikika kama kesi. Mara ya mwisho nilikuwa na majina kumi na moja. Kwa mmoja baba alikataa, na bado anakataa. Watatu walikuwa shambani mbali na hawakuwa wamesikia tangazo. Wawili walikuwa na mafua na mama akadhani haifai. Mama mmoja alikuwa amejifungua juzi yake. Wanne walikuja, wakaukuta mstari mrefu, wakarudi nyumbani kabla ya zamu yao, na jina la mmoja wao lilikuwa la mtoto wa yule mwenyekiti aliyefungua mkutano.